Matofali bila udongo: tulivyowaonyesha wamama mchoro wa tanuri letu

Juma hili tunawaandikia sisi wanne tuliopewa kazi na kikundi: kuchora tanuri la kubanika samaki litakalosimama upande wa ziwa, kwenye fasi tuliyoazimwa. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini mafranka ya kuni na matofali yametoka kwenye sanduku la likelemba na tanuri bado halijajengwa. Jibu ni hili: kabla ya kutia udongo kati ya matofali, tulitaka mchoro upite mikononi mwa wamama wanaobanika kila siku, waupindue, wauseme vibaya wanavyotaka. Tulivyofanya, tunakieleza hapa, juu ya vikundi vingine viwili vimetuomba kueleza, kimoja kina mfano wa kikwembe cha sherehe, kingine kina mpango wa banda la kuku. Kazi ni ile ile: unaleta kitu ulichokibuni mwenyewe mbele ya watu wenye macho.

Kwanza mjue tulichokuwa nacho. Tanuri letu limetokana na lile la Chorkor. Chorkor ni mtaa wa wavuvi katika mji wa Accra, huko Ghana, na karibu mwaka 1970 Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo pamoja na watafiti wa Ghana walilitengeneza wakifanya kazi na wanawake wabanikaji wenyewe. Ni sanduku la ukuta lenye vyumba viwili vya moto. Juu yake hakuna paa. Juu yake zinapangwa chanja, yaani fremu za mbao zenye wavu wa waya, moja juu ya nyingine, na chanja zenyewe ndizo zinazokuwa bomba la moshi. Moshi na joto havipotei pembeni kama kwenye pipa lililokatwa, vinapita ndani ya samaki wote mpaka juu. Kuni zinapungua na macho yanapumzika.

Sisi tulipima kwa tofali letu la hapa, la sentimita 20 kwa 10 kwa 6. Kila chumba kwa ndani kina sentimita 80 kila upande. Ukuta una unene wa 10. Kwa hiyo tanuri zima lina urefu wa sentimita 190 na upana wa mita 1, na ukuta unapanda sentimita 60. Fremu ya chanja ina mbao za upana wa sentimita 5, nayo inakaa juu ya nusu ya unene wa ukuta, hivyo mbao haziko juu ya moto hata kidogo. Mdomo wa moto, mmoja kwa kila chumba, una upana wa 40 na kimo cha 30. Tulipanga chanja 10 kwa kila chumba, kila moja ina kimo cha sentimita 8. Ukihesabu mstari kwa mstari utaona yanahitajika matofali karibu 290.

Sasa, namna ya kuonyesha. Tulikuwa na mchoro mzuri kwenye karatasi, umepigwa rula, una rangi. Tuliuacha nyumbani. Karatasi nzuri inafunga watu mdomo. Mama anayebanika tangu usichana wake akiona mistari iliyonyooka anafikiri kazi imekwisha, anasema "ni vizuri, mafundi," anakwenda zake. Na wengine hawajazoea kusoma kitu kilichotazamwa kutoka juu, kama ndege anavyotazama kiwanja.

Tulipeleka matofali 54. Tukayapanga chini, mistari miwili tu, bila udongo, kwa kipimo chenyewe cha tanuri, na midomo ya moto tukaiacha wazi. Kwenye kona tukasimamisha fimbo yenye alama mbili za makaa: alama ya sentimita 60, mahali ukuta unapoishia, na alama ya sentimita 140, mahali chanja ya juu inapofika. Tukaweka chanja moja ya kweli, na ndani yake mawe ya kilo 8, mfano wa samaki wabichi. Ni hayo tu. Tofali lisilo na udongo linamwambia mtu: unaweza kunisogeza. Na walisogeza kweli, kabla hata hatujamaliza kusalimiana.

Tulialika wamama saba. Zaidi ya hapo wengine wanakaa kimya au wanaongea wawili wawili pembeni. Tulichagua siku ya Mungu baada ya ibada, juu ya asubuhi za juma ni za mabwato, na mwanamke mwenye samaki kwenye beseni hana akili ya kutazama mchoro wa mtu. Kati ya saba, watano ni wabanikaji, mmoja ananunua na kupeleka Likasi na Lubumbashi, na mmoja ni kambo ambaye hafanyi tena kazi hiyo lakini amejenga majiko mengi ya udongo.

Mmoja wetu alisema maneno machache, tuliyokuwa tumeyapanga. Alisema tanuri ni la nani: wamama wawili wakibanika pamoja, mara nyingi mmoja ana mtoto mgongoni. Alisema kisichoweza kubadilika: mafranka yanatosha matofali 300, si zaidi, na fasi ni hiyo moja. Alisema tunachotaka kujua: mtachoka wapi mkilitumia, na samaki wataharibika wapi. Halafu akanyamaza. Hakueleza kwa nini chumba kina sentimita 80 wala kwa nini ukuta una 60. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana kila kipimo tulikuwa tumekigombania sisi kwa sisi siku nyingi, na ulimi unawasha.

Kunyamaza huko kuna sababu yake ya kazi. Ukieleza kipimo kabla mtu hajaona kitu, anaanza kuhukumu maelezo yako na si tanuri. Na siku tanuri litakapokuwa kazini hautakuwapo kumweleza kila mama. Kama haoni mwenyewe mahali pa kusimama, hakuna maelezo yatakayomsaidia.

Katika mzunguko wa kwanza tulijiruhusu maneno matatu tu: "asante", "endelea" na "nionyeshe". Mwenzetu mmoja, asiye msemaji, ndiye aliyeandika kila neno kwenye daftari, kama lilivyotamkwa, pamoja na yale ya kuchekesha. Mtu anayeonyesha asiandike mwenyewe. Mkono wake utaandika anachokipenda. Na tuliweka bakuli nyuma yetu: kila mmoja wetu akitaka kusema "lakini", aliweka kijiwe kidogo badala ya neno. Mwisho wa mazungumzo bakuli lilikuwa na vijiwe 17. Vijiwe vile havikuwa upuuzi, tutavirudia.

Jambo jingine ni nani anaanza. Kwetu mkubwa akisha kusema, mdogo hatasema kinyume chake mbele ya watu, na hiyo ni heshima, si woga. Kwa hiyo tulimwendea kambo siku moja kabla, tukamwomba ruhusa kwamba vijana waanze na yeye afunge. Alikubali, akasema hata kwenye kesi za ukoo ndivyo inavyokuwa, mwenye mvi anasikiliza kwanza. Kama tungemwomba pale pale mbele ya wote ingekuwa kumshusha.

Dada mdogo kuliko wote alikuwa na mtoto mgongoni. Akasema: "Chanja kumi ni nyingi." Hapo kijiwe cha kwanza kikaingia bakulini, maana Chorkor inapanda hata zaidi ya kumi. Tukamwambia: nionyeshe. Akainua ile chanja yenye mawe, akaipeleka kwenye alama ya 140 ya fimbo. Mtoto akalala upande, kilemba chake kikagusa ubao. Akasema: "Kuna moshi hapa usoni mwangu sasa. Na samaki wa chini wakiiva kwanza, ili nimtoe wa chini lazima nishushe tisa." Mnajua kwamba chanja zinabadilishwa nafasi kila mara, ya chini inakwenda juu na ya juu inakuja chini, kwa sababu joto la chini ni kali. Wamama wawili kushusha na kupandisha chanja 10 za kilo 8, mara kadhaa kwa usiku mmoja, hiyo ni kazi ya wabeba mizigo.

Angalieni jinsi maneno yake ya kwanza na tendo lake la pili vinavyotofautiana. "Chanja ni nyingi" ni dawa. Ugonjwa ni mkono, uso na mtoto. Watu wanapenda kuleta dawa kwanza: ongeza, punguza, hamisha. Ukibishana na dawa mtakesha. Ukisema "nionyeshe", ugonjwa unajitokeza, na pengine una dawa nyingine ambayo hakuna aliyeifikiri.

Yaya mmoja wa upande wa ziwa alitazama midomo ya moto, akauliza swali moja tu: "Midomo hii inatazama wapi?" Tulikuwa tumeielekeza upande wa njia, ili kuni zifike kirahisi. Akachukua vumbi mkononi, akaliachia. Upepo wa wakati wa jua kali na baridi, kuanzia mwezi wa tano hivi, unatoka kusini-mashariki, na pale ziwani hakuna mti wa kuuzuia. Ukiingia moja kwa moja mdomoni, moto unapanda kuwa ndimi, samaki wa chanja ya chini anaungua ngozi na ndani bado ni mbichi. Samaki wa namna hiyo anaonekana mzuri kwa siku mbili, halafu anaanza kunuka karibu na mfupa. Mama mnunuzi alitikisa kichwa, akasema huwa anabonyeza mgongo kwa kidole gumba: ukizama, hanunui.

Yaya huyo akaongeza neno juu ya maji. Ziwa la Tshangalele si la asili, lilitokana na Lufira kuzibwa pale Mwadingusha, na halina kina kikubwa; maji yakipanda kidogo tu, ukingo unasogea mbali sana. Akatuonyesha kwenye majani mstari wa takataka kavu, mahali maji yalipofika mwisho wa mvua. Ulikuwa hatua sita tu kutoka kwenye matofali yetu. Udongo chini ya tanuri ukibaki na unyevu, ukuta unapasuka moto wa kwanza unapowaka.

Mama mwingine alichuchumaa mbele ya mdomo wa moto, akanyosha kiganja usawa wa kifua chake. Akasema: "Mtoto wangu wa pili ana kimo hiki." Hakusema zaidi. Tuliandika.

Halafu likaja neno ambalo lilitufanya tuweke vijiwe vitatu kwa mkupuo. Mama mnunuzi alirudi nyuma, akatazama kazi yetu yote, akasema: "Jamani, hili ni kaburi." Watu wakacheka mpaka kambo akajifuta machozi. Urefu 190, upana mita 1, limeinuka kutoka ardhini: ni kweli. Msemaji wetu akamwuliza kitu kimoja, nini hasa kinalifanya lifanane na kaburi. Akajibu bila kufikiri: "Hapa njiani tunapita na wateja wa Lubumbashi. Mkilipaka chokaa nyeupe, nani atakula samaki aliyetoka humo?" Na kweli tulikuwa tumepanga chokaa. Neno lililoonekana kuwa mzaha lilikuwa na biashara ndani yake. Uamuzi wa hapo ulikuwa wa bei rahisi kuliko yote: tutasiliba kwa udongo mwekundu, chokaa tumeiacha.

Kwa mzunguko wa pili tulitumia njia tuliyoisikia kwa mwalimu mmoja. Inatoka kwa Liz Lerman, mwanamke wa Marekani anayetunga dansi, aliyeianzisha mwaka 1990 kwa ajili ya wasanii. Mwenye kazi anauliza maswali yake. Kisha wengine wanamwuliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake. Mwisho kabisa, mwenye maoni anaomba ruhusa: "Nina neno juu ya wavu, unataka kulisikia?" Tulifikiri litakuwa jambo la kigeni, lakini wamama walilishika upesi, maana linafanana na kubisha hodi. Mwenye kazi anaweza kusema "karibu" au "bado". Sisi tulisema "bado" mara moja tu, juu ya paa, kwa kuwa mafranka ya mabati hayapo na kulizungumza kungekula jioni yote.

Swali lisilo na hukumu linahitaji mazoezi. "Kwa nini mmetumia wavu mwembamba hivyo?" si swali, ni kofi lililovaa kilemba. "Wavu huu umebeba kilo ngapi mpaka sasa?" ni swali, na lilitusaidia, maana hesabu ya kweli ilikuwa: mawe ya leo, basi.

Kambo alifunga. Alizunguka matofali, akataka ukuta wa kati uondolewe: chumba kimoja kikubwa, matofali 40 yaokolewe. Tulimshukuru, tukaandika, tukaahidi kumletea jibu kabla ya Jumatano. Hatukumjibu pale.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo vikundi vingi vinairuka, na ndiyo tunayoitetea zaidi. Hakuna uamuzi siku ile ile, isipokuwa mambo kama ya chokaa yasiyo na gharama. Tulilala. Kesho yake tulikaa sisi wanne na daftari na bakuli. Kila neno tuliliweka kwenye kundi lake: linalogusa mwili au samaki, linalogusa ladha ya macho, na lile ambalo hakuna anayejua mpaka lijaribiwe. Kisha tukavitoa vijiwe, tukajaribu kukumbuka kila kimoja kilikuwa "lakini" gani. Vingi vilikuwa vimejibiwa na mtu mwingine katika mazungumzo yale yale, bila sisi kufungua mdomo. Tuliobaki nacho mkononi, tukaona kinastahili kutetewa, kilikuwa kimoja: ukuta wa kati.

Tukaenda kwa kambo wawili, na unga kidogo wa bukari, si mikono mitupu. Tulisema mara moja, kwa ufupi: bila ukuta wa kati, chanja itakuwa na urefu wa karibu mita mbili, itapinda katikati kwa uzito na wamama wawili hawataiinua salama, na siku samaki ni wachache tunataka kuwasha chumba kimoja tu. Akauliza kama hiyo ya pili ni kweli, kwamba kuni za chumba kimoja zinatosha. Tukasema ndiyo maana ya ukuta. Akafikiri, akasema: "Basi uacheni, lakini hayo mengine niliyosema mtayafanya." Mengine yalikuwa kutengeneza msingi wa mawe madogo chini ya ukuta, na tumeyakubali yote.

Hivi ndivyo mchoro ulivyo sasa. Chanja ni 6 kwa kila chumba badala ya 10, kwa hiyo ya juu inaishia sentimita 108, chini ya kifua cha yule dada. Samaki wanaoingia mara moja wamepungua, kutoka kilo 80 kwa chumba hadi 48, na hilo ni hasara ya kweli. Wabanikaji walisema wanaipokea, maana beseni zao mara nyingi hazijai zaidi ya hapo. Tanuri limegeuzwa, midomo inaupa upepo mgongo, na kuni zitazungushwa kwa miguu. Limepandishwa hatua ishirini kutoka kwenye mstari wa takataka. Kila mdomo una kipande cha bati chenye mpini wa mti: kinamzuia mtoto, na ukikisogeza kidogo kinapunguza hewa, moto unakuwa moshi. Neno moja la mama, kazi mbili.

Wavu bado haujaamuliwa. Watatu wanataka wenye macho makubwa ili moshi upite, wengine wanaogopa samaki wadogo wataanguka motoni. Hapo maneno hayasaidii tena. Tumetengeneza chanja mbili, moja ya kila wavu, na tutazijaribu juu ya moto mmoja, zikibadilishana nafasi. Samaki watapimwa kwenye mizani kabla na baada, na kambale mmoja mwenye mafuta atawekwa kwenye kila chanja, kwa sababu mafuta yakidondoka motoni yanatoa moshi mweusi na mchungu, tunataka kuona ni wavu upi unaoacha masizi mengi zaidi.

Moto utawashwa Jumamosi mchana, baada ya mabwato. Mama mwenye mizani ya kuning'iniza atuazime, tuliyo nayo inadanganya chini ya kilo 2.